Popo wa Pate na Machozi ya Bure

Katika *Al-Inkishafi*, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza fahari ya Pate iliyoporomoka. Akifika kwenye majumba ya matajiri, anaonyesha vitu: makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda utando, na vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure sasa ni viota vya ndege.

Huzuni inampata msomaji mwenyewe, kwa kuwa kila kiumbe kimekalia nafasi ya mtu.

Shairi la machozi ya bure hutaja "majonzi" na "moyo kuvuja damu" bila kuonyesha kilichopotea. Ukiyafuta maneno hayo, hakibaki kitu.

Kujizuia si ukavu, hata hivyo: Sayyid Abdalla anaukemea moyo wake waziwazi, na magofu yanampa sababu.