Kioo Kitupu Kwanza

Picha ilipendeza mpaka nilipoikuza. Simu imeegemezwa kwenye kikapu cha ukili, mwanga wa asubuhi unaingia kutoka dirishani, na kwenye kioo kuna duka la khanga la mteja wangu. Kwa mbali ungesema imepigwa na mpigapicha. Kwa karibu, kitufe cha "Weka kapuni" kilisomeka "Wekq kapumi", na doti ya shilingi 18,000 ilikuwa "18,0O0", sifuri moja ikiwa herufi. Nilikuwa nimeielezea programu ya akili mnemba kila kitu: jina la duka, rangi, vitufe na bei. Kumbe hapo ndipo nilipokosea.

Mokapu, yaani picha ya simu au laptopu inayoonyesha aplikesheni au tovuti ya biashara, inabeba vitu viwili vya asili tofauti. Kuna mandhari: meza, mkono, mwanga, kivuli. Haya akili mnemba huyachora vizuri, kwa kuwa meza ikizidi nyufa mbili bado ni meza. Halafu kuna kilichomo kwenye kioo, ambacho tayari unacho kwenye simu yako na hakihitaji kuchorwa na mtu. Herufi haina msamaha wa meza. Ukiigeuza mkia kidogo tu, inakuwa herufi nyingine au haiwi herufi kabisa.

Udogo nao unaongeza taabu. Tuseme picha ya kioo, ile tunayoiita skrinishoti, ina pikseli 1080 kwa 2400, na maandishi ya bei yana kimo cha pikseli 40. Kwenye picha ya tangazo, kioo cha simu kinaweza kuwa na kimo cha pikseli 800 tu, theluthi moja. Bei inabaki na kimo cha pikseli 13 hivi. Programu nyingi za kuchora hazifanyi kazi pikseli kwa pikseli. Huibana picha kwanza. Stable Diffusion ya mwanzo, kwa mfano, iliibana picha ya 512 kwa 512 kuwa gridi ya 64 kwa 64, hivyo kila kijumba kilibeba eneo la pikseli 8 kwa 8. Herufi yenye kimo cha pikseli 13 haijazi hata vijumba viwili. Mchoraji anabaki kukisia umbo.

Kwa hiyo agizo zuri la mokapu haliitaji aplikesheni hata kidogo. Linaomba simu yenye kioo kitupu. Ukiandika "duka la mtandaoni", programu itachora duka, pamoja na vitufe vyake vya kubuni. Ukiandika "bila maandishi", mara nyingi umelialika lile lile neno unalolikimbia, kwa sababu programu nyingi hulishika jina la kitu kuliko zinavyolishika neno "bila". Taja kinachotakiwa kuwepo: rangi moja, tupu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Programu chache zina kisanduku cha pembeni cha vitu visivyotakiwa; huko ndiko kwa kuandika maandishi, nembo na aikoni.

Agizo langu la pili lilikuwa hili:

```
Picha halisi ya simu nyeusi, imeegemezwa wima kwenye
kikapu cha ukili juu ya meza ya mbao. Inatazamwa kwa
mbele. Kioo chote ni cheupe kitupu, sawasawa kama
karatasi. Pembe zote nne za kioo zinaonekana. Pembeni
kuna vitambaa viwili vya maua vilivyokunjwa. Mwanga
laini wa dirishani kutoka kushoto.
```

Utaona nimeandika "vitambaa vya maua", si khanga. Khanga ina jina lake, ule msemo ulio chini ya mji. Ukiitaja khanga, programu itajaribu kuandika msemo, nao utaharibika kama kile kitufe. Nilifukuza maandishi kwenye kioo, nusura niyarudishe kwa mlango wa nguo.

Rangi ya kioo ichague kwa kazi inayofuata. Wengi hukimbilia kijani cha studio kwa kuwa ni rahisi kukikata, lakini kijani hicho humwagikia kwenye ukingo wa simu na kwenye vidole, na kukifuta ni kazi nyingine. Cheupe ni bora ukitaka kubaki na vivuli vilivyoangukia kioo. Cheusi ni bora ukitaka kubaki na mng'ao wa dirisha, na hicho ndicho hunifaa kwa laptopu, ambayo kioo chake kipana huakisi chumba. Kidole kikae nje ya kioo. Kikipita juu yake, itabidi ukikate kwa mkono na kukirudisha juu ya skrinishoti.

Ukishapata picha, ikuze mara mbili kabla ya kuweka chochote, ili maandishi yako yapate pikseli za kutosha. Kisha fungua skrinishoti kama tabaka la juu. Kabla ya kuipachika, iviringe pembe, maana kioo cha simu hakina pembe kali. Kwenye GIMP chukua kifaa cha `Perspective`. Kwenye Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ni `Edit`, `Transform`, kisha `Distort`. Vuta kila pembe ya skrinishoti mpaka ikae juu ya pembe yake ya kioo. Ikibidi kuivuta sana mpaka herufi zionekane nyembamba au nene, ujue simu iliyochorwa si ya vipimo vya kweli. Usilazimishe, toa picha nyingine.

Ikiishia hapo, skrinishoti itaonekana kama stika. Chukua nakala ya kioo kitupu peke yake, iweke juu ya skrinishoti, na ubadilishe namna ya kuchanganya rangi: `Multiply` kama kioo kilikuwa cheupe, `Screen` kama kilikuwa cheusi. Kwa cheupe, weupe unatoweka na vivuli vinabaki. Kwa cheusi, weusi unatoweka na mng'ao unabaki. Punguza nguvu ya tabaka hilo mpaka maandishi yasomeke bila shida.

Kuna njia ya mkato iliyokuja na programu mpya. Tangu 2025, ChatGPT na Gemini hupokea skrinishoti yako na kuiweka kwenye simu iliyochorwa, na kichwa cha habari chenye maneno matatu makubwa hutoka sawa mara nyingi. Ila fahamu kwamba haziibandiki, zinaichora upya. Maneno madogo na tarakimu ndivyo huteleza kwanza, na huteleza kwa ujanja: 18,000 inaweza kuwa 16,000, imeandikwa vizuri kabisa. Kosa la "kapumi" linajianika lenyewe. Hili la tarakimu safi unaligundua mteja anapofika dukani akidai bei aliyoiona.

Ndiyo maana sasa, kabla sijatuma kazi, huifungua kwenye simu kwa ukubwa uleule atakaoiona mnunuzi, nikampa mtu asiyelijua duka aisome kwa sauti. Asichoweza kukisoma nakikuza kwenye skrinishoti au nakiondoa. Safari ile alisoma, "Elfu kumi na nane," bila kukunja uso. Nikaituma.