Redio ilileta wateja wangapi? Hesabu ya wenye bajeti nene

Juzi kuna jamaa kaniuliza: kampuni ya mafuta ya kula inamwaga mamilioni redioni, kwenye TV na mabango. Mama ananunua ndoo dukani kwa Mangi, habonyezi linki yoyote. Sasa watajuaje tangazo lipi limeuza?

Hawamfuatilii mtu mmoja mmoja. Wanachukua mauzo ya kila wiki, miaka miwili au mitatu, na pembeni wanaandika pesa iliyokwenda redio, TV na mabango, bei ilikuwa ngapi, sikukuu zilikuwa lini. Kompyuta inatafuta nini kikipanda mauzo nayo yanapanda. Wanaita modeli ya mchanganyiko wa matangazo. Meta wametoa ya bure, Robyn, na Google wanayo Meridian.

Utamu uko hapa: tangazo halifi siku hiyo hiyo. Tuseme bila tangazo wanauza ndoo 40,000 kwa wiki. Wiki ya 1 wakaweka redioni milioni 100, mauzo yakawa 45,000. Wiki ya 2 kimya, lakini zikauzwa 43,000. Ya 3, 41,800. Yaani nyongeza ni 5,000, halafu 3,000, halafu 1,800. Kila wiki inabaki asilimia 60 ya iliyotangulia. Hiyo modeli inaiandika hivi:

```
masalio = pesa_ya_wiki + 0.6 * masalio_ya_wiki_iliyopita
```

Ukijumlisha mkia wote mpaka uishe unapata ndoo 12,500 (5,000 gawa kwa 0.4). Kwa hiyo kila ndoo ya ziada imegharimu shilingi 8,000. Bosi anayehesabu wiki ya kwanza tu ataona 20,000! Kama faida kwa ndoo ni 10,000, huyo atafuta redio wakati inamlipa. Ndo maana nasema watu wanafukuzwa kazi kwa kuonewa, lol.

Ila mtego upo. Ramadhani watu wanakaanga sana, na kampuni nazo hutangaza sana wakati huo huo. Vyote vikipanda pamoja, modeli haiwezi kutenganisha, na redio inapewa sifa za sambusa. Kuweka safu ya Ramadhani kwenye jedwali kunasaidia, lakini kama kila Ramadhani matangazo yaliongezwa, bado ni kubahatisha. Dalili yake: ukiondoa wiki chache tu za data, namba ya redio inaruka kutoka kubwa mpaka karibu sifuri.

Dawa ni kuzima makusudi. Zima redio Mwanza wiki 6, Mbeya endelea kama kawaida, halafu linganisha mauzo na yalivyokuwa kabla. Chagua redio za mikoani, maana ya taifa inasikika kote na jaribio linaharibika. Mwanza isiposhuka kabisa, jamaa wa modeli arudi mezani.