Pombe Haramu na Saa Zinazopotea Kabla ya Upofu

Mbege ya Uchagani hutengenezwa mbele ya macho ya watu. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichache kwa siku kadhaa, uji wa kimea cha ulezi huongezwa, gome la msesewe hutia uchungu, na pombe hunyweka kwa muda mfupi kabla haijawa siki. Mnywaji wa Marangu au Kibosho anamjua aliyeipika, na pombe ikiharibika ulimi humwambia. Madhara yake yapo, hasa kwa anayeinywa kila siku, lakini upofu wa ghafla si mojawapo.

Mambo hubadilika pombe inapogeuzwa kuwa gongo, na hubadilika zaidi gongo linapoingia mikononi mwa mchuuzi asiyejulikana. Hapa inafaa kusahihisha dhana iliyozoeleka, kwamba methanoli hutokana na uchafu wa mtambo wa kienyeji. Ni kweli ndizi zina pektini, na pektini ikivunjika hutoa methanoli kidogo. Ni kweli pia kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, mapema kuliko ethanoli, pombe ya kawaida, inayochemka kwenye nyuzi 78. Hata hivyo kiasi hicho ni kidogo, na huja pamoja na ethanoli nyingi. Milipuko inayojaza wodi kwa usiku mmoja karibu kila mara ina chanzo kingine: methanoli ya viwandani, inayotumika katika rangi na viyeyusho, imeongezwa ili pombe iwe kali kwa bei nafuu.

Kenya ilionyesha hilo mwaka 2014. Mwezi Mei watu wapatao 341 waliugua baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na 100 kati yao wakafa. Julai ukaja mlipuko wa pili: wagonjwa 126, vifo 26. Miaka minne kabla, wilayani Kabale nchini Uganda, waragi uliochanganywa hivyo hivyo uliua watu zaidi ya 80. Kutoka Moshi hadi mpaka wa Holili ni mwendo mfupi wa gari, na kemikali iliyo ndani ya pipa haiulizwi pasipoti.

Methanoli yenyewe haina sumu kubwa. Hulewesha kidogo, haina harufu wala ladha ya kumshtua mlevi, na kipimo cha mtaani cha kuwasha pombe ili kutazama moto wa bluu hakithibitishi lolote, kwa kuwa ethanoli nayo huwaka bluu. Hatari hutengenezwa na ini. Kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe ya kawaida huigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, na kingine huigeuza fomaldehaidi hiyo mara moja kuwa asidi ya fomiki. Binadamu huiondoa asidi hiyo polepole, kwa msaada wa folati, vitamini ambayo mnywaji wa siku nyingi asiyekula vizuri huwa amepungukiwa. Basi hujikusanya. Damu huwa na tindikali, na mgonjwa huanza kupumua kwa kasi na kwa kina ili kuipunguza.

Jichoni asidi ya fomiki huzuia kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa mitokondria, saitokromu oksidasi. Oksijeni inafika, seli inashindwa kuitumia. Neva ya jicho huumia mapema kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na nyembamba, na hutumia nishati bila kupumzika kusafirisha ishara na virutubisho. Nishati ikikatika, usafirishaji husimama, nyuzi huvimba nyuma ya mboni, na ala inayozifunika huanza kuharibika. Mgonjwa husema anaona kama yumo ndani ya ukungu mweupe. Daktari akitazama ndani ya jicho siku hizo za mwanzo huona kichwa cha neva kimekuwa chekundu na kuvimba. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hutoweka na kichwa hicho hupauka, dalili kwamba nyuzi zimekufa. Nyuzi hizo hazioti tena.

Kwa hiyo swali la msingi ni la muda, na muda huu una mtego. Chukua mfano wa mtu wa kilo 60 anayekunywa saa mbili usiku wa Jumamosi. Akilala, hana dalili inayotofautiana na ulevi. Jumapili asubuhi ana kichwa kizito na tumbo linalouma, mambo anayoyajua. Dalili za sumu kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 12 na 24, lakini kama chupa ilikuwa na ethanoli ya kutosha, ini hushughulikia ethanoli kwanza na methanoli husubiri, hata kwa siku mbili. Akiamua kuzimua Jumapili mchana, saa ya dalili husogezwa tena. Akizimulia kwenye chupa ileile, ameongeza mzigo. Jumatatu macho yanapotiwa ukungu, asidi imekwisha kujaa.

Tatizo halitoweki anapofika zahanati. Kichefuchefu, udhaifu na maumivu ya tumbo hufanana na malaria au vidonda vya tumbo. Kinachopaswa kumshtua mganga ni mchanganyiko: kupumua kwa kina bila homa, sukari ya damu isiyoelezea hali hiyo, malalamiko ya macho, na habari ya pombe ambayo mgonjwa anaificha kwa kuogopa polisi. Kipimo cha methanoli yenyewe ni adimu. Kusubiri majibu yake ni kuchagua upofu, iwapo historia na upumuaji vinaelekea huko.

Dawa hujengwa juu ya udhaifu uleule wa ini. Ethanoli safi, ya kiwango kinachojulikana, hushikana na kimeng'enya kwa nguvu zaidi kuliko methanoli, hivyo hukizuia kutengeneza asidi. Kwa mtu wetu wa kilo 60, hospitali hulenga takriban gramu moja kwa lita ya damu, ambayo huhitaji karibu gramu 40 za kuanzia. Pombe kali halali ya asilimia 40 ina gramu 32 kwa kila mililita 100, kwa hiyo ni mililita 125 hivi, ikinyweshwa au kupitishwa kwa mrija wa puani, kisha kipimo kidogo kila saa. Hii ni kazi ya wodi. Mgonjwa aliyelegea huweza kupaliwa au kuacha kupumua, na nyumbani hakuna anayejua chupa ina nini. Fomepizoli hufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi, lakini ni ghali na hospitali nyingi haziiweki. Bikaboneti huongezwa kupunguza tindikali, pamoja na folati. Mgonjwa mwenye tindikali kali au macho yaliyoguswa huhitaji mashine ya kusafisha damu, na ndipo rufaa kwenda KCMC inapokuwa suala la saa, si la kesho.

Ukomo wa tiba hizi unafahamika. Kuzuia kimeng'enya hakuondoi asidi iliyokwisha kutengenezwa, na hakufufui neva. Baadhi ya wagonjwa huona vizuri zaidi katika siku za kwanza, halafu uoni hushuka tena neva inapopauka, hivyo ruhusa ya mapema kutoka wodini bila miadi ya daktari wa macho inaweza kuificha hasara.

Mgonjwa wa kwanza ana taarifa ambayo maabara haiwezi kutoa: alikunywa wapi, na na nani. Wenzake waliobaki kijijini wakijisikia vizuri bado wana methanoli ambayo haijawa asidi. Katika mlipuko wote, hao ndio ambao macho yao yanaweza kuokolewa kwa urahisi zaidi, na ndio ambao hakuna anayewatafuta kama swali hilo halikuulizwa wodini.