Fahamu: Video nne kwa wiki badala ya mbili, faida au hasara?

Tuseme chaneli ya YouTube ya Likoni hutoa video mbili kwa wiki: moja ya feri, hutazamwa mara 6,000, na moja ya viazi karai na mapishi mengine, mara 2,000. Wastani ni 4,000. Mwenyewe anaongeza hadi nne, lakini zote mbili za ziada ni za mapishi, maana feri haiharibiki kila siku. Wastani unashuka hadi 3,000, naye analaumu wingi.

Hesabu hiyo inamdanganya. Feri bado 6,000, mapishi bado 2,000. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa mada, na jumla ya wiki imepanda kutoka 8,000 hadi 12,000. Kama mapishi yangeshuka hadi 1,200 kila moja, hapo kweli video zingekuwa zinagawana watazamaji walewale.

Basi linganisha mapishi kwa mapishi, kila video ikiwa na umri wa siku saba. Badilisha kasi kwa zamu, wiki za mbili na wiki za nne, ukiepuka Ramadhani, mapishi yanapotafutwa kupita kawaida. Feri ikikwama siku moja, video yake pekee huvuta wastani juu. Kwa hiyo tazama namba ya katikati, si wastani.