Neno lenye shaka katika utenzi lisifichwe

HEBU tuchukue neno moja katika utenzi wa kale ulionakiliwa kwa hati za Kiarabu. Mnakili ameandika be, alifu, te, alifu. Je, ni 'bata', 'pata' au 'mbata'? Alfabeti ya Kiarabu haina herufi ya /p/, na wanakili wengi hawakuiandika /m/ inayotangulia /b/. Basi be moja hubeba sauti zote hizo.

Mizani haitufai hapa, maana 'mba' ni silabi moja tu. Maneno yote matatu yana mizani mbili. Ubeti ukitaja nazi, 'mbata' hupata nguvu. Usipotaja je?

Mhariri mwenye haraka huandika 'pata', akaendelea zake. Msomaji wa hati za Kirumi hatajua kwamba palikuwa na shaka, na kesho mtunga kamusi atalinukuu neno hilo kama ushahidi.

Afadhali aandike 'pata[?]', kisha tanbihini aongeze: au bata, mbata. Wino ukiwa umefutika, hiyo ni shaka ya aina nyingine: [herufi 3 hivi hazisomeki]. Neno alilolijaza mhariri mwenyewe lipewe mabano tofauti, mathalani <pata>, na dibaji ieleze kila alama.

Lakini [?] isimwagwe ovyo, jamani. Kasra huweza kusomwa /i/ au /e/, hivyo 'kiti' na 'kete' huandikwa sawa. Neno hilo likiwa mwishoni mwa mshororo, na wenzake wanamalizikia '-ti' bila utata, kina kimeshaamua kati ya hayo mawili: ni 'kiti', si 'kete'.