Hesabu Bwawa Lako Kuanzia Siku ya Kuvua

Wafugaji wengi wa samaki katika kaunti za Migori na Homa Bay hupandikiza vifaranga siku wanapopata pesa ya kuwanunua, kisha husubiri waone samaki watakuwa wakubwa lini. Ushauri wangu ni kuanza upande wa pili. Amua kwanza mwezi utakaovua, halafu urudi nyuma miezi minane, kwa sababu ngege aliyetunzwa vizuri katika bwawa la udongo huchukua miezi sita hadi minane kufika gramu 200 hadi 300, na huo ndio ukubwa ambao mama samaki huuchagua.

Katika eneo letu mwezi mzuri wa kuvua ni Machi. Mahitaji hupanda wakati wa Kwaresima, na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ziwani, kwa hiyo samaki hupungua sokoni. Ukirudi nyuma kutoka Machi unafika Agosti. Hapo baridi ya Juni na Julai inaisha, maji yanaanza kupata joto, na ngege hula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana, na chakula unachomwaga huoza chini. Anayeishi miinuko ya kuelekea Kisii aongeze mwezi mmoja au miwili juu ya hesabu hii. Mwenye bwawa linalotegemea mvua peke yake hana budi kulijaza masika na kuvua kuelekea Krismasi.

Tuchukue bwawa la mita 300 za mraba, ukubwa uliochimbwa kwa wingi na mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009. Julai itumie kuliandaa. Likaushe mpaka tope lipasuke, toa tope jeusi linalonuka, kisha nyunyiza chokaa ya shambani kilo 30 hivi, na zaidi kama udongo una asidi. Jaza maji na utie samadi kavu ya ng'ombe kilo 15 kwa wiki. Baada ya wiki mbili maji yanapaswa kuwa ya kijani kibichi. Zamisha mkono wima mpaka kiwiko: kama kiganja kimeanza kupotea machoni, vijimea na vijidudu vipo vya kutosha na vifaranga watakuwa na chakula. Kama bado unaviona vidole vyote waziwazi, ngoja.

Mwanzoni mwa Agosti weka vifaranga 1,000, watatu hivi kwa kila mita ya mraba, wenye gramu 10. Nunua waliogeuzwa wote kuwa madume, kwa sababu jike hutumia nguvu yake kuzaa badala ya kunenepa. Wafike asubuhi au jioni, mfuko uelee bwawani kwa dakika 15 hadi 20, kisha uruhusu maji ya bwawa yaingie kidogo kidogo kabla ya kuwaachia.

Kuanzia hapo mizani ndiyo inayotawala. Chakula cha siku ni asilimia ya uzito wa samaki wote, na huo uzito hauujui mpaka upime. Kila mwezi vuta wavu upate samaki 40. Tuseme ni Novemba. Pima ndoo yenye maji: kilo 6. Watie samaki, pima tena: kilo 9.2. Tofauti ni kilo 3.2, yaani wastani wa gramu 80. Ukikadiria kwamba wamebaki 900, bwawani una kilo 72. Asilimia tatu ya hizo ni kilo 2 na kidogo kwa siku, igawe asubuhi na alasiri. Walipokuwa wadogo uliwapa asilimia tano, na wakipita gramu 200 uwape asilimia mbili. Mimina mahali pamoja kila siku. Kama baada ya robo saa bado kinaelea, punguza. Kila mwezi andika uzito huo daftarini.

Mwezi huohuo wa Novemba tazama kingo za bwawa asubuhi. Ukiona makundi ya vitoto vya samaki majini, katika mbegu uliyouziwa kulikuwa na majike. Vitoto hao watakula chakula cha wakubwa, na Machi utavua umati wa samaki wadogo. Watoe kwa wavu wenye matundu madogo, na unapopima mwezi ujao watenge majike: dume ana matundu mawili chini karibu na pezi la nyuma, jike ana matatu, na wakati mwingine mdomo wake huvimba kwa mayai. Wengine huweka kambare wachache wadogo ili wale vitoto hao. Njia hiyo hufanya kazi mradi kambare wawe wadogo kuliko ngege. Ila kumbuka kwamba waumini wa Kanisa la Waadventista, waliofungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 na ambao ni wengi hapa, hawali samaki asiye na magamba. Kambare wako wawe na mnunuzi kabla hawajawa wengi.

Hatari kubwa hutokea Januari na Februari. Jua ni kali, mito imepungua, maji yameshuka na samaki wamekuwa wazito. Usiku vijimea havitoi oksijeni, bali huitumia pamoja na samaki, na ikifika alfajiri imebaki kidogo. Ukiona samaki wamepanda juu wakihema kabla ya jua kuchomoza, piga makofi. Wakizama upesi, bado kuna nafasi: acha samadi, acha kulisha siku hiyo, na ingiza maji mapya. Wakibaki juu bila kushtuka, usingoje jua; ingiza maji mara moja au uyarushe kwa ndoo ili yapate hewa. Ishara hutangulia: mkono hupotea kabla ya kufika kiwiko. Ukiiona hiyo Desemba, acha samadi mapema.

Siku ya kuvua haiamuliwi na hamu ya kupata samaki wakubwa zaidi. Tuseme Machi una samaki 850 wa gramu 220. Ukingoja mwezi mzima kwa asilimia mbili ya chakula, unatumia kilo 112 hivi. Wakiongezeka gramu 40 kila mmoja, umepata kilo 34 za samaki. Chukulia chakula ni shilingi 120 kwa kilo na samaki ni shilingi 400 kwa kilo: umetoa zaidi ya 13,400 ili upate 13,600, na bado hujalipa kibarua wala kuhesabu ndege na fisi maji. Hapo vua. Lakini ikiwa mizani ya Februari ilionyesha ongezeko la gramu 60, subira ina faida.

Acha kulisha siku moja kabla, vuta wavu alfajiri kukiwa baridi, uza wakubwa kwa awamu mbili au tatu, kisha mwaga maji yote uwamalize waliobaki. Lakini kabla ya hayo yote, mwezi Juni, piga simu kwa mzalishaji wa mbegu na uweke oda ya vifaranga wa Agosti, na umuulize waziwazi amewapa dawa ya kuwageuza madume kwa siku ngapi. Tiba hiyo huchukua wiki tatu hadi nne tangu waanze kula. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.