Kompyuta Ikiibiwa, Kazi Ibaki

Mhasibu wa shule amemaliza orodha ya ada za muhula. Ameandika jina la faili, akabofya Desktop, akahifadhi. Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya, na ndiyo maana kazi nyingi za ofisini hukaa mahali pamoja tu: kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. Diski ikifa au kompyuta ikiibiwa, orodha imekwenda nayo.

Katika Windows kuna njia ya kuondoa hatari hiyo bila kumbadilishia mhasibu mazoea yake. Bofya alama ya wingu iliyo chini kulia, karibu na saa, ingia Settings, kisha Sync and backup, kisha Manage backup. Hapo yapo majina ya folda: Desktop, Documents, Pictures na nyinginezo. Washa unazotaka.

Wengi hudhani kwamba sasa kuna nakala ya pili inayotengenezwa pembeni. Sivyo. Folda yenyewe ndiyo inayohama. Awali anwani yake ilikuwa hii:

```
C:\Users\Asha\Documents
```

Baada ya hapo inakuwa hii:

```
C:\Users\Asha\OneDrive\Documents
```

Word, Excel na programu nyingine nyingi huifuata Documents popote ilipohamia, kwa hiyo mtumiaji haoni tofauti yoyote. Anahifadhi palepale alipozoea, na OneDrive inachukua kila badiliko na kulipeleka kwenye seva za Microsoft. Zinazolalamika ni programu za zamani, hasa za hesabu za duka, zilizoandikiwa anwani ya kwanza neno kwa neno. Hizo zitasema faili halipo, ilhali lipo hatua moja tu kando.

Jambo la kwanza kukwama huwa nafasi. Akaunti ya bure ina GB 5, na folda ya Pictures peke yake inaweza kuzimaliza kwa picha za mahafali mawili. Ikijaa, OneDrive haifuti kitu, lakini inaacha kupeleka. Mhasibu ataendelea kuhifadhi mezani kwake kwa amani, bila kujua kwamba faili za wiki nzima hazijaondoka. Dalili iko kwenye alama: tiki ya kijani ina maana faili limefika, mishale inayozunguka ina maana linasafiri, na alama nyekundu ina maana limekwama. Kwa akaunti ya bure, ni afadhali kuwasha Documents na Desktop na kuiacha Pictures.

Kisha kuna bando. Tuseme folda hizo mbili zina GB 3 na mtandao unapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Safari ya kwanza itachukua zaidi ya saa tatu, na itakula GB 3 za bando. Baadaye mzigo huwa mwepesi, kwa kuwa yanayokwenda ni mabadiliko ya siku hiyo tu. Anayetumia intaneti ya simu afungue mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na kuwasha Metered connection. Kwa kawaida OneDrive husimama yenyewe ikiona hivyo. Safari ile ya kwanza ifanyike penye mtandao usiopimwa.

La hatari zaidi ni kufuta. Kwa kuwa faili ni lilelile moja, ukilifuta kwenye kompyuta linatoweka na kule juu pia, na katika kila kifaa kilichounganishwa na akaunti hiyo. Katika akaunti binafsi lililofutwa hukaa siku 30 kwenye kapu la taka la tovuti ya OneDrive, ambako linaweza kurudishwa. Baada ya hapo halipo tena. Faili lililoharibiwa bila kufutwa nalo lina tiba: kwenye tovuti, bofya faili kulia na uchague Version history, ulirudishe lilivyokuwa jana. Hata hivyo, hesabu za mwaka mzima zinastahili nakala nyingine kwenye diski ya nje ambayo haiunganishwi kila siku.

Na anayebadili nia? Akizima mpango huu, anaweza kukuta Desktop tupu na moyo ukamruka. Faili hazijapotea, zimebaki ndani ya folda ya OneDrive, na inabidi azihamishe kwa mkono kurudi kwenye folda ya zamani. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwasha mpango huu zinapoandaliwa, hivyo kuna watu wanaoutumia bila kujua waliukubali lini. Kujua ni rahisi: bofya Documents kulia, fungua Properties, usome anwani kwenye Location. Neno OneDrive likiwemo, folda imeshahama. Kama kazi inafika kweli, hilo linapimwa kwa simu: hifadhi faili dogo Documents, subiri tiki ya kijani, kisha lifungue kwa akaunti hiyohiyo kwenye simu.